Ukinunua bando jipya kabla la zamani halijaisha: MB zilizobaki huenda wapi

Bando lako la mwezi limebakiza siku mbili na bado lina GB 3. Unajua hutazimaliza. Ukinunua jingine leo, je, hizo GB 3 zitavuka kuingia kwenye bando jipya, zitakaa pembeni zikisubiri kufa, au zitafutwa palepale? Watu hujibu swali hili kwa uhakika mkubwa, na mara nyingi kila mmoja yuko sahihi kwa laini yake tu. Kampuni za simu hazifuati kanuni moja. Hata ndani ya kampuni moja, bando la siku na bando la mwezi yanaweza kuwa na masharti tofauti.

Hakuna jibu moja la kukariri. Zipo njia nne ambazo mitambo ya kampuni hutumia, na ukishazielewa unaweza kutambua laini yako inafuata ipi, kisha ukaamua ununue lini.

Mtambo unavyoliona bando lako

Kwako wewe bando ni "GB 10 za mwezi". Kwa mtambo wa kampuni, bando ni kapu lenye vitu vitatu: kiasi kilichobaki, saa ya kuisha muda, na namba ya zamu inayoamua kapu lipi lichotwe kwanza. Laini moja inaweza kuwa na makapu mengi kwa wakati mmoja: la bando la kawaida, la usiku, la mitandao ya kijamii, la zawadi. Salio la pesa, yaani vocha uliyoweka, nalo ni kapu, ila limewekwa mwisho kabisa wa foleni.

Unapowasha data, mtambo haukufungulii kapu zima. Unaikatia simu kipande cha MB, simu ikikimaliza unaikatia kingine, na kila mara unaangalia kapu la zamu bado lina kitu na bado liko ndani ya muda. Kwa sababu hiyo, salio unaloliona data ikiwa imewashwa huwa halijatulia. Kipande kilichokwisha kukatwa kinaweza kuonekana kimetumika wakati simu bado haijakigusa, au matumizi ya dakika chache zilizopita yakawa hayajaandikwa. Zingatia hilo, tutalihitaji wakati wa kupima.

Kwa hiyo, unaponunua bando jipya mapema, swali zima ni hili: mtambo umeelekezwa ufanye nini na kapu lililopo?

Njia nne

Tuchukue mfano mmoja na tuupitishe kwenye njia zote. Umenunua GB 10 za siku 30 tarehe 1 saa 2 usiku, katika mwezi wenye siku 31. Muda wake unaisha tarehe 31 saa 2 usiku. Asubuhi ya tarehe 29, saa 3, zimebaki GB 3. Umetumia GB 7 kwa takriban siku 28, sawa na MB 256 hivi kwa siku. Ukiendelea hivyo, hadi muda uishe utakuwa umetumia MB 640 nyingine, na zaidi ya GB 2 zitakuwa bado hazijaguswa. Sasa, asubuhi hiyohiyo, unanunua bando jingine la GB 10 la siku 30.

*Njia ya kwanza: kuunganisha.* Hii ndiyo watu wengi wanayoitaka. GB 3 zinaingia kwenye kapu jipya na kuchukua muda wake. Unakuwa na GB 13, zote hadi tarehe 28 ya mwezi unaofuata saa 3 asubuhi. Ulichopoteza ni siku mbili na nusu, kwa kuwa siku 30 za bando jipya zimeanza kuhesabiwa leo badala ya tarehe 31 usiku. Ulichookoa ni GB 2 na ushei ambazo zingekufa.

*Njia ya pili: makapu mawili sambamba.* Bando jipya linafunguliwa kapu lake, la zamani linabaki na lake, na kila moja na tarehe yake. Hakuna kinachovuka. GB 3 bado zinakufa tarehe 31 saa 2 usiku. Hapa namba ya zamu ndiyo inayoamua kila kitu. Mtambo ukichota kwanza kapu linalokaribia kuisha muda, zile MB 640 zitatoka kwenye bando la zamani na jipya litabaki na GB 10 kamili. Ukichota kwanza lililonunuliwa karibuni, zile MB 640 zitatoka kwenye bando jipya, na la zamani litakufa na GB 3 zake zote. Huu ndio mpangilio unaoumiza zaidi, kwa sababu ukiangalia salio la jumla unaona GB 13 na unadhani umevusha.

*Njia ya tatu: foleni.* Bando jipya linakubaliwa lakini haliamki. Linasubiri la zamani liishe, ama kwa MB kumalizika ama kwa muda kufika, ndipo siku zake 30 zianze. Hupotezi siku hata moja, lakini pia huvushi kitu: kilichobaki kwenye la zamani tarehe 31 saa 2 usiku kinakwenda zake. Foleni inamfaa anayemaliza MB kabla ya siku. Anayebakiza MB haimsaidii.

*Njia ya nne: kufuta na kuandika upya.* Bando jipya linachukua nafasi ya la zamani, na GB 3 zinapotea dakika ileile unayothibitisha ununuzi. Hukutana nayo hasa unapohama kutoka aina moja ya bando kwenda nyingine, na mara nyingi menyu hukuonya kabla ya kubonyeza ndiyo. Soma ujumbe huo. Ukiona maneno kama "bando lako la sasa litabadilishwa" au "litasitishwa", rudi nyuma.

Masharti yanayojificha ndani ya kuvuka

Tuseme kampuni yako imetangaza kwamba MB huvuka. Bado kuna masharti ambayo tangazo huyapitia haraka, na ninavyoona haya ndiyo yanayozaa malalamiko mengi kuliko njia zenyewe.

La kwanza ni aina ya bando. Kwa kawaida kuvuka kunahitaji ununue bando lilelile, au la familia ileile. Bando la siku halitarajiwi kuokoa mabaki ya bando la mwezi. MB za usiku, za mtandao mmoja wa kijamii, na za zawadi mara nyingi hazivuki kabisa, hata kama zinaonekana kwenye ukurasa mmoja na MB za kawaida.

La pili ni idadi ya mara. Kuna mitambo inayoruhusu MB kuvuka mara moja tu. Zile GB 3 zikishavuka zinapata mwezi mmoja wa nyongeza, na mwisho wa mwezi huo hata ukinunua mapema haziendi popote. Hapo zamu ya kuchota inarudi kuwa muhimu: MB zilizovuka zikichotwa kwanza, utazitumia kabla hazijafa, zikichotwa mwisho, unaweza kuzibeba mwezi mzima bila kuzigusa kisha zikafutwa. Wengine huweka kikomo cha kiasi, kwa mfano mabaki yasizidi ukubwa wa bando lenyewe.

La tatu ni saa. Kuvuka kunafanyika tu kama ununuzi umekamilika kabla ya muda kuisha. Dakika moja baada ya muda, kapu la zamani halipo tena, na bando jipya linaanza kutoka sifuri. Sasa, muda unaisha lini hasa? "Siku 30" inaweza kuwa saa 720 kamili tangu uliponunua, au inaweza kuwa hadi usiku wa manane wa siku ya 30, hata kama ulinunua jioni. Kwa bando la siku moja tofauti hii ni kubwa: ukinunua saa 4 usiku bando linaloisha usiku wa manane, umenunua saa mbili.

Tazama pia namna ujumbe unavyoandika saa. Mitambo huandika kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 20:14 ni saa 2 na dakika 14 usiku. Anayesoma haraka anaona 08:00 na kudhani ni saa 8 mchana, kumbe ni saa 2 asubuhi na bando lilishakufa. Mtego mwingine ni "31 00:00". Huo ni mwanzo wa tarehe 31, yaani usiku wa kuamkia tarehe 31. Ukiiona hiyo, siku yako ya mwisho ya kununua ni tarehe 30.

Jinsi ya kupima laini yako

Masharti yaliyochapishwa yanasaidia, lakini kipimo kidogo kinakupa uhakika zaidi. Chagua bando dogo kabisa lililo katika familia ileile unayotumia. Kama kawaida yako ni bando la wiki, pima kwa la wiki. Kupima kwa bando la siku kisha kuamini kwamba la mwezi litafanya vilevile ni kujidanganya.

1. Nunua bando la kwanza. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho; ndani yake kuna kiasi, tarehe na saa ya kuisha, na namba ya muamala.

2. Tumia sehemu tu, ubakize kiasi kinachoonekana wazi, kama nusu.

3. Zima data na usubiri dakika 10 hivi, ili vipande vilivyokatwa virudishwe na hesabu itulie. Kisha angalia salio kwa njia inayoonyesha kila kapu peke yake, si jumla. Programu ya kampuni huwa inaonyesha zaidi kuliko menyu ya namba fupi. Piga picha ya skrini.

4. Data ikiwa bado imezimwa, nunua bando la pili lililo sawa na la kwanza. Soma menyu hadi mwisho kabla ya kuthibitisha.

5. Angalia salio tena na upige picha nyingine. Hapa jibu karibu lote liko wazi. Mstari mmoja wenye jumla na tarehe mpya maana yake ni kuunganisha. Mistari miwili yenye tarehe mbili ni makapu sambamba. Mstari wa pili usio na tarehe, au ulioandikwa kwamba unasubiri, ni foleni. Kiasi cha bando jipya peke yake ni kufuta.

6. Kama umeona mistari miwili, washa data, tumia kama MB 100, zima, subiri tena dakika 10, uangalie ni mstari upi umepungua. Sasa unajua zamu. Usitumie kaunta ya simu yako kama ushahidi: baadhi ya simu huhesabu GB 1 kuwa MB 1,000 na kampuni nyingi huhesabu MB 1,024, na simu haijui kabisa MB zimetoka kapu gani.

7. Saa ya kuisha ya bando la kwanza ikipita, angalia mara ya mwisho. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayofichua kuunganisha kwa uongo, pale programu inapoonyesha jumla moja na tarehe ya mbali kumbe ndani makapu ni mawili. Jumla ikishuka ghafla saa ile bila wewe kutumia chochote, hapakuwa na kuvuka.

Ukipendelea kuuliza huduma kwa wateja, usiulize "je, MB zinavuka?" Utajibiwa "ndiyo" na hutajua ndiyo ya nini. Uliza hivi: nikinunua bando hilihili kabla muda haujaisha, MB za zamani zinapata tarehe gani? Zipi zinatumika kwanza? Zikishavuka mara moja, zinaweza kuvuka tena? Uliza kwa maandishi ili jibu libaki kwako.

Ununue lini?

Ukishajua njia, tarehe ya kununua inajipanga yenyewe.

Kwenye kuunganisha, kila saa unayowahi ni saa unayoipoteza kwenye bando jipya. Kununua tarehe 29 katika mfano wetu kulikula siku mbili na nusu bila sababu; ungesubiri hadi tarehe 31 mchana ungevusha karibu MB zilezile na kupoteza saa chache tu. Lakini usisubiri dakika ya mwisho. Malipo yanaweza kukwama, mtandao unaweza kulemewa, na kinachohesabiwa ni saa mtambo ulipokamilisha ununuzi, si saa uliyobonyeza. Mimi naacha nafasi ya saa tatu hadi sita. Bando likiisha usiku wa manane, nanunua jioni.

Fanya pia hesabu kama unahitaji kuvusha. Kwa MB 256 kwa siku, mtu huyu anatumia kama GB 7.5 kwa siku 30. Akivusha GB 3 juu ya GB 10, mwisho wa mwezi atakuwa na GB 5.5 za kuvusha tena, na mwezi utakaofuata GB 8. Anabeba mzigo unaokua bila kuutumia, na siku atakaposahau kununua kwa wakati utapotea wote kwa mpigo. Kinachomfaa ni bando dogo zaidi, la GB 8 kama lipo, ilimradi aulize kwanza kama kushuka ukubwa kunaruhusu mabaki kuvuka.

Kwenye makapu sambamba usinunue mapema hata kidogo, hasa kama la jipya ndilo huchotwa kwanza. Tumia la zamani hadi liishe: pakua ramani, video, masasisho ya programu ulizoahirisha. Nunua jipya muda wa la zamani ukishapita au MB zikishakwisha. Kwenye kufuta ni vilevile. Kwenye foleni unaweza kununua siku yoyote, kwa kuwa jipya halianzi kabla ya wakati wake. Hakikisha tu kwamba kusubiri kwenyewe hakuna kikomo, maana kuna foleni zinazotaka bando liamke ndani ya siku kadhaa.

Mwanya kati ya bando na bando

Ukiamua kusubiri la zamani life ndipo ununue, kuna dakika chache ambazo laini haina bando. Simu haijui hilo. Inaendelea kupakua picha na masasisho, na mtambo unashuka hadi kapu la mwisho kwenye foleni, yaani salio lako la pesa, kwa bei ya nje ya bando ambayo kwa kila MB huwa juu zaidi. Vocha yako inaweza kuisha kabla hujaona ujumbe wa kwamba bando limekwisha. Kwa hiyo zima data dakika kama 15 kabla ya saa ya kuisha, nunua, subiri ujumbe wa uthibitisho, ndipo uwashe. Kampuni nyingine zinakuruhusu kuzuia kabisa matumizi ya data nje ya bando. Kama menyu yako ina kitufe hicho, kiwashe na ukiache hivyo.

Kujirudia kiotomatiki

Bando linalojirudia lenyewe linalinda kuvuka vizuri, kwa sababu mtambo unajinunulia kwa wakati bila wewe kukumbuka. Lakini linahitaji salio la kutosha saa hiyo. Likikosa, baadhi ya mitambo hujaribu tena baadaye, na jaribio linalofanikiwa baada ya muda kuisha linakupa bando jipya tupu, bila mabaki.

Tatizo la pili linawapata wanaonunua kwa mkono mapema huku kujirudia kumewashwa. Umenunua tarehe 29, na tarehe 31 usiku mtambo unanunua tena, kwa kuwa kwake ule ununuzi wako haukuwa marudio bali bando la ziada. Unakatwa mara mbili. Ukitaka kununua kwa mkono, zima kujirudia kwanza, subiri ujumbe unaothibitisha kwamba kumezimwa, ndipo ununue.

Ikitokea MB zimepotea kinyume na masharti, lalamika haraka wakati kumbukumbu bado ziko karibu. Peleka namba za miamala yote miwili, saa ya kuisha kama ilivyoandikwa kwenye ujumbe wa kwanza, saa ya ununuzi wa pili, na picha za salio kabla na baada. Omba wakusomee kapu moja moja kama linavyoonekana kwenye mtambo wao, pamoja na saa lilipofunguliwa na saa lilipofungwa. Ununuzi ukiwa umekamilika kabla kapu la kwanza halijafungwa, na masharti yao yanasema MB huvuka, una haki ya kurudishiwa. Ukiwa umekamilika baada ya hapo, hata kwa dakika moja, jibu litakuwa hapana.